Mtoto Mweusi wa Wazazi Wawili Wenye Ualbino

Katika mazungumzo haya nataka tuyatazame kwa utulivu maswali ambayo wanafunzi wa baiolojia huulizwa wafikapo katika somo la urithi, maswali ambayo walimu aghalabu huyapanga kwa daraja tatu: kwanza lile jepesi, ambalo mwanafunzi hutajiwa wazazi na kutakiwa aseme watoto watakuwaje, kisha lile la shajara ya nasaba, ambalo babu, watoto na wajukuu wote wamekwisha kuzaliwa, na yeye hutakiwa arudi nyuma aeleze kilichofichika ndani yao, na mwisho lile linaloleta familia ambayo, kwa dhahiri yake, imekwenda kinyume cha kila alichofundishwa. Mfano wangu utakuwa mmoja tu, nao ni ualbino. Nimeuchagua kwa sababu hapa Tanzania, ambako makadirio yatajwayo mara nyingi ni mtu mmoja katika kila 1,400, hali hii imo zaidi katika mitaa na madarasa yetu kuliko ilivyo Ulaya, ambako hutajwa mmoja katika 17,000 au zaidi. Na kwa sababu jibu baya la swali la tatu, likitoka darasani na kuingia nyumbani kwa watu, humvunjia heshima mwanamke asiye na hatia. Aliye na kalamu na karatasi, basi na aviweke karibu.

Tuanze na lililo jepesi. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama, isipokuwa zile chache zilizo katika kromosomu za jinsia, ambazo tutazifikia. Nakala nzima ya jeni inayohusika na rangi ya ngozi, nywele na macho tuiandike kwa R kubwa, na nakala iliyoharibika tuiandike kwa r ndogo. Mwenye RR ni mweusi. Mwenye Rr naye ni mweusi vilevile, maana nakala moja nzima yatosha kuifanya kazi, ila yeye ni mbebaji, achukuaye ndani ya mwili wake kitu asichokijua. Na mwenye rr ndiye mwenye ualbino. Wazazi wawili wabebaji wakioana, kila mmoja aweza kumpa mtoto R au r kwa nafasi iliyo sawa, na kwa hiyo matokeo ni manne: RR, Rr, Rr na rr. Robo moja, basi, ndiyo nafasi ya kuzaliwa mtoto mwenye ualbino, na mwanafunzi aliyeichora mraba wake vizuri hupata alama zake zote.

Lakini hapo hapo penye wepesi ndipo palipofichwa kosa la kwanza, kwani wengi huisoma robo ile kama mgawo wa mirathi, wakadhani kwamba wazazi wale wakipata watoto wanne, mmoja lazima atakuwa na ualbino, na kwamba wakiisha kumpata huyo mmoja, watatu wafuatao wamesalimika. Sivyo hata kidogo. Kila mimba huanza hesabu yake upya, bila kukumbuka iliyotangulia. Nafasi ya mtoto wa pili ni robo, na ya wa tatu ni robo, hata kama wa kwanza alizaliwa na ualbino. Nafasi ya kila mtoto kuzaliwa bila ualbino ni robo tatu, na tukizidisha robo tatu mara robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, tutapata 81 katika 256, maana yake ni kwamba katika familia za watoto wanne ambazo wazazi wote wawili ni wabebaji, karibu thuluthi moja hazina hata mtoto mmoja mwenye ualbino. Mendel mwenyewe, padri wa Brno aliyeichapisha kazi yake mwaka 1866, alihesabu punje 5,474 za njegere zilizo laini na 1,850 zilizokunjamana, na hata kwa wingi huo hakupata tatu kwa moja kamili, bali pungufu kidogo. Sembuse nyumba yenye watoto wanne!

Sasa nauliza swali dogo, ambalo kwa maoni yangu ndilo mlango wa kutoka daraja ya kwanza kuingia ya pili. Msichana mweusi ana ndugu wa tumbo moja mwenye ualbino, na wazazi wao wote wawili ni weusi. Ni nafasi gani kwamba msichana huyo ni mbebaji? Wanafunzi wengi hujibu nusu, kwa kuwa katika mraba wamezoea kuona Rr mbili katika nne. Jibu hilo lingekuwa sahihi kama tungeulizwa kabla hajazaliwa. Lakini amekwisha kuzaliwa, tumemwona, naye ni mweusi, kwa hiyo lile fungu la rr halimhusu tena na hatuna budi kulifuta. Yamebaki mafungu matatu, na mawili kati yake ni Rr. Nafasi yake ni thuluthi mbili. Aliyelifahamu jambo hili amekwisha kufahamu kwamba kusoma nasaba ni kazi ya namna nyingine, kwa maana hapa hatutabiri yatakayokuja, bali tunayachukua yaliyotokea na kuyatumia kufuta yasiyowezekana, mpaka yabaki yanayowezekana.

Haya, tuichore shajara. Mwanamume huandikwa kwa mraba na mwanamke kwa duara. Mwenye hali inayochunguzwa hutiwa wino ndani, na asiye nayo huachwa wazi. Mstari wa mlalo kati ya wawili ni ndoa, na ndoa ya walio jamaa hutiwa mistari miwili. Watoto huning'inia chini yake kwa mpangilio wa kuzaliwa. Juu kabisa wekeni mraba mweupe na duara jeupe, mume na mke weusi. Chini yao watoto watatu: mwana mweusi, binti mwenye ualbino, ambaye duara lake mtalitia wino, na kitinda mimba, binti mweusi. Yatosha kwa sasa. Swali ni hili: ualbino katika familia hii umerithiwa kwa njia gani?

Mwanafunzi mwenye haraka hulijibu kwa kukumbuka yale aliyoambiwa, kwamba ualbino ni hali fiche, na huyo hajaisoma shajara bali ameisoma kumbukumbu yake. Nataka jibu litokane na mchoro. Wazazi wawili wasio na hali hiyo wamezaa mtoto aliye nayo. Kama jeni yake ingekuwa tawala, yenye kuonekana hata kwa nakala moja, basi mzazi aliyeitoa naye angeonekana nayo. Hakuonekana, basi ni fiche. Je, iko katika kromosomu ya X, ile ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume moja? Mtazameni baba. Ana X moja tu, na hiyo ndiyo ampayo kila binti yake. Naye ni mweusi, kwa hiyo kama jeni hii ingekuwa katika X, nakala yake ingekuwa nzima, na binti yake yeyote angeipokea nzima na kuwa mweusi kama yeye. Lakini binti mmoja amezaliwa na ualbino. Basi jeni haiko katika X. Iko katika kromosomu za kawaida, na wazazi wote wawili ni wabebaji bila shaka. Hebu zingatieni kwamba hoja hii ya pili imesimama juu ya duara moja lililotiwa wino. Kama mwenye ualbino angekuwa yule mwana badala ya binti, mchoro peke yake usingeweza kuamua, na mwanafunzi mwaminifu angepaswa kuandika kwamba njia zote mbili zinawezekana. Na si neno la dhana tupu, maana uko kweli ualbino wa macho peke yake, urithiwao kwa njia ya X, ambao huwapata zaidi wavulana, ngozi zao zikibaki na rangi.

Tuendelee na yule kitinda mimba. Amekua, na watu wawili wamekuja kumposa. Wa kwanza ni mgeni kutoka mbali, ambaye katika ukoo wake haijasikika habari ya ualbino. Wa pili ni mtoto wa ami yake, kama ilivyo desturi ya watu wengi wa pwani. Ni nafasi gani kwamba mtoto wake wa kwanza atakuwa na ualbino, kwa kila mmoja wa waposaji hao?

Kwa mgeni yatupasa kwanza kujua wabebaji ni wangapi katika watu wa kawaida, na njia ya kujua hilo ilielezwa mwaka 1908 na watu wawili, Hardy wa Uingereza na Weinberg wa Ujerumani, kila mmoja kivyake. Ili mtu awe na ualbino, lazima nakala mbovu mbili zikutane. Kwa hiyo, ikiwa mmoja katika 1,400 ana ualbino, nakala mbovu ni kama mzizi wa pili wa hesabu hiyo, yaani karibu moja katika 37. Na kwa kuwa kila mtu ana nakala mbili, nafasi ya kuwa mbebaji ni kama maradufu ya hiyo, karibu mtu mmoja katika 19. Nawaomba mtulie kidogo juu ya tarakimu hii. Katika darasa la wanafunzi 40, yumkini wawili ni wabebaji, ilhali katika shule nzima huenda asiwepo hata mmoja mwenye ualbino. Basi tuzidishe: thuluthi mbili za binti, mara moja katika 19 ya mgeni, mara robo ya mtoto, na jibu ni moja katika 114. Hesabu hii yachukulia kwamba ualbino wote nchini watokana na jeni moja, jambo tutakalolirudia, lakini kwa Tanzania haiko mbali na ukweli.

Kwa mtoto wa ami njia ni nyingine. Baba wa binti ni mbebaji kwa yakini, kama tulivyoona. Nakala ile mbovu aliipata kwa mzazi wake mmoja, na ndugu yake, yaani ami, alikuwa na nafasi ya nusu ya kupewa nakala hiyo hiyo. Mtoto wa ami ana nusu ya nusu, yaani robo. Tuzidishe tena: thuluthi mbili, mara robo, mara robo, na jibu ni moja katika 24, karibu mara tano ya lile la kwanza. Ndiyo sababu tangu mwaka 1902 daktari Archibald Garrod wa London, alipokuwa akichunguza maradhi mengine adimu ya kurithi, aliona kwamba wazazi wa wagonjwa wake mara nyingi kupita kawaida walikuwa watoto wa ndugu wawili. Hata hivyo, kwa wale wapendao kuifanya hesabu hii fimbo ya kuwapigia watu wa pwani, nasema kwamba moja katika 24 maana yake ni pia 23 katika 24 kwa upande mwingine, na kwamba haki ya binti huyu ni kuelezwa tarakimu zote mbili kabla ya kutoa jibu lake, bila kutishwa.

Mtego mmoja wa daraja hii sitauacha, kwa kuwa huwanasa hata wenye akili. Yule dada mwenye ualbino naye ameolewa na mwanamume mweusi, na mtoto wao amezaliwa na ualbino. Sasa wino umeonekana katika vizazi viwili mfululizo, mama na mtoto, na mwanafunzi aliyefundishwa kwamba hali tawala huonekana katika kila kizazi huandika bila kusita: ni tawala. Ni kosa. Mume yule ni mbebaji, jambo ambalo, kama tulivyokwisha kuona, hutokea kwa mtu mmoja katika 19. Na mbebaji akioana na mwenye ualbino, nusu ya nafasi huwa ni ya rr. Dawa ya mtego huu ni kupandisha macho juu ya mchoro, mpaka kwa babu na bibi, ambao wote wawili ni weusi. Shajara husomwa nzima, na tawi moja haliwezi kuushinda ushahidi wa tawi jingine.

Sasa tumefika kwenye swali la tatu. Mwanamume mwenye ualbino amemwoa mwanamke mwenye ualbino, nao wamejaliwa watoto watatu, wote weusi. Eleza.

Nimesahihisha majibu ya swali hili kwa muda mrefu, na najua yanavyokuja. Wengine huandika kwamba haiwezekani, maana rr kwa rr haizai ila rr. Wengine, na hao ndio wanaoniumiza, huandika kwamba mama alipata watoto hao nje ya ndoa, na kwao hesabu imefungwa. Makundi haya yote mawili yameanza na dhana moja ambayo swali halikuitaja, kwamba ualbino wa mume na ualbino wa mke ni wa jeni ile ile. Tulipoandika R na r pale mwanzo, tuliiingiza dhana hiyo kimyakimya, na hakuna aliyeiuliza.

Ukweli ni kwamba rangi yetu haitengenezwi na jeni moja. Ndani ya seli za ngozi mna vifuko vidogo, na humo ndimo rangi iitwayo melanini hufanyizwa. Kazi ya kwanza hufanywa na kimeng'enya kiitwacho tirosinase, ambacho jeni yake iko katika kromosomu ya 11. Lakini kimeng'enya hicho hakifanyi kazi yake vyema kama uchachu wa ndani ya vifuko hivyo haukurekebishwa, na urekebishaji huo hutegemea jeni nyingine, iitwayo OCA2, iliyo katika kromosomu ya 15. Ni kama kandili, isiyowaka ikikosa mafuta wala ikikosa utambi: nyumba moja ina utambi bila mafuta, nyumba ya pili ina mafuta bila utambi, zote mbili zimo gizani, na zikichangia taa inawaka. Turudi kwenye kalamu. R iwe ya OCA2, na jeni ya tirosinase tuiandike kwa T. Mume ni rrTT, mke ni RRtt. Mume hana cha kumpa mtoto ila r na T. Mke hana ila R na t. Kila mtoto, bila kubakiza mmoja, ni RrTt, mwenye nakala moja nzima ya kila jeni. Na kila mtoto ni mweusi. Si bahati ya mmoja katika wanne. Ni wote, na hiyo yenyewe ni alama ya kutambulia.

Wala jambo hili si la kubuniwa kwa ajili ya mtihani. Mwaka 1952 daktari wa macho wa Uingereza, Trevor-Roper, aliandika habari za ndoa ya namna hiyo hiyo, ya wawili wenye ualbino waliopata watoto wenye rangi ya kawaida. Na kabla yake, mwanzoni mwa karne ya 20, Bateson na Punnett wa Cambridge walikuwa wamechanganya mimea miwili ya jamii ya njegere, ipandwayo kwa ajili ya maua, yote miwili yenye maua meupe, wakapata maua ya zambarau. Na walipoipandisha mimea hiyo ya zambarau yenyewe kwa yenyewe, kizazi kilichofuata kilikaribia tisa za zambarau kwa saba nyeupe. Kwa binadamu hatutegemei kuiona tisa kwa saba, kwa kuwa ndugu hawaoani, lakini mwanafunzi aweza kuitoa mwenyewe kwa kuchora mraba wa vyumba 16 na kuhesabu vile vyenye R moja au zaidi pamoja na T moja au zaidi.

Yapasa niseme na mpaka wa jibu hili, ili lisije likatumiwa pasipo mahali pake. Katika Afrika yetu hii iliyo kusini mwa Sahara, wengi mno wa wenye ualbino wana upungufu wa OCA2, na wengi wao wana dosari ile ile moja, kipande cha herufi karibu 2,700 kilichokatika ndani ya jeni hiyo, ambacho kimepatikana kwa watu wa nchi zilizo mbali mbali, dalili ya kuwa ni cha kale na kina asili moja. Kwa hiyo wawili wenye ualbino wanaotaka kuoana hapa kwetu waambiwe kwa uwazi kwamba yumkini kubwa watoto wao wote watakuwa na ualbino. Sura ya mtu hutoa dokezo: mwenye upungufu wa OCA2 aghalabu huwa na nywele za rangi ya manjano, na wengine wakikulia juani hutokwa na madoadoa ya kahawia usoni na mikononi, ilhali aliyekosa kabisa tirosinase hubaki na nywele nyeupe tangu kuzaliwa mpaka uzeeni, wala madoa hayo hayamtoki. Lakini dokezo si ushahidi, kwa maana ziko hali za katikati zinazofanana mno, na mwenye kutaka yakini hana njia ila kipimo cha jeni zenyewe.

Basi mwanafunzi anijibuje? Yule anayeandika, "Ikiwa wazazi wote wana dosari katika jeni moja, watoto weusi hawatarajiwi, lakini ikiwa kila mmoja ana dosari katika jeni yake, watoto wote watakuwa weusi, nao ni wabebaji wa dosari zote mbili, na mchoro huu peke yake hautoshi kumtuhumu mtu," huyo nampa alama zote. Anayetaja uzinzi kama jambo moja kati ya yanayowezekana, pamoja na hayo mengine, nampa sehemu ya alama, maana si uongo kwamba laweza kutokea. Na anayelitaja hilo peke yake simpi kitu, hata mraba wake ukiwa umechorwa kwa rula, kwa sababu watoto weusi watatu mfululizo, bila hata mmoja mwenye ualbino, ndicho hasa kilichotarajiwa kwa rrTT na RRtt, na ushahidi huo ulikuwa mbele yake katika karatasi.